Namba za msasa: pa kuanzia na pa kuishia kabla ya kupaka vanishi

Miaka yangu ya mwanzo kwenye useremala nilitengeneza kabati la mninga. Mteja alikuwa anapiga simu kila baada ya saa moja, kwa hiyo nikalipiga msasa namba 80, nikarukia 220, nikapita haraka haraka. Kwa kiganja lilikuwa nyororo kabisa. Nikapaka rangi ya mbao, nikaweka mkono wa kwanza wa vanishi, kisha nikalitoa nje kwenye mwanga. Mlango mzima ulikuwa na mistari mistari, kama mtu aliyeuchana kwa kitana cha chuma. Ilinibidi nivue vanishi yote na kurudi nyuma hadi kwenye mbao tupu. Siku mbili zikapotea kwa kukwepa kazi ya dakika kumi na tano.

Kosa langu lilikuwa kuamini vidole. Mkwaruzo wa msasa una kingo mbili zilizoinuka na mfereji katikati. Msasa laini ukipita juu yake unakata kingo kwanza, na vidole vinagusa kingo tu, havifiki chini ya mfereji. Kwa hiyo ubao unaonekana umemaliza wakati mifereji bado imo. Rangi ikija inatuama humo, na vanishi inaikuza.

Ukielewa hilo, umeshaelewa kwa nini kuna namba nyingi. Ni hatua ya kwanza tu inayonyoosha ubao. Zinazofuata kila moja ina kazi ya kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia, na kuacha ya kwake iliyo midogo zaidi.

Namba inahesabu nini

Zamani mafundi wa pwani walitumia majani ya mti wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na jina likahamia kwenye karatasi tunayonunua dukani leo. Jani halikuwa na namba. Karatasi inayo, nayo imetoka kwenye chekecheo.

Chembe za kukwaruza husagwa, kisha huchekechwa kwa wavu. Namba inaeleza wavu huo una matundu mangapi kwenye urefu wa inchi moja. Inchi ina milimita 25.4. Ukiigawa kwa 80 unapata kama milimita 0.32, ukitoa unene wa waya linabaki tundu la karibu milimita 0.2, na chembe ya msasa namba 80 ina ukubwa unaokaribia huo. Ndiyo maana namba ikipanda chembe inapungua: matundu yakiwa mengi ndani ya inchi ileile, kila tundu ni dogo. Namba 120 ina chembe za kama milimita 0.125, namba 180 kama 0.08, na 220 kama 0.07. (Chembe za juu ya 220 ni ndogo mno kwa wavu, hivyo hupimwa kwa jinsi zinavyozama kwenye maji, lakini hesabu ya namba imeendelezwa vilevile.)

Tazama hizo tarakimu tena. Kutoka 80 kwenda 220 unaruka kutoka chembe ya 0.2 hadi 0.07, yaani theluthi moja. Chembe ndogo kiasi hicho inakwangua kidogo sana kila inapopita, kwa hiyo ingehitaji muda mrefu mno kushuka hadi chini ya mfereji uliochimbwa na 80. Hakuna mtu mwenye subira hiyo. Kati ya 180 na 220, kwa upande mwingine, tofauti ni ndogo kiasi kwamba hatua hiyo ni nyepesi na mara nyingine si ya lazima.

Kanuni ninayoitumia haihitaji jedwali: chukua namba uliyonayo, ongeza nusu yake, usivuke hapo sana. Nusu ya 80 ni 40, nenda 120. Nusu ya 120 ni 60, nenda 180. Nusu ya 180 ni 90, ingekuwa 270, kwa hiyo 220 au 240 iko ndani ya mpaka. Kwa mbao iliyorandwa vizuri, njia nzima ni hiyo: 80, 120, 180, na 220 ikihitajika.

Jambo moja la kuangalia dukani. Geuza karatasi usome mgongoni. Ukiona P kabla ya namba, P120 kwa mfano, imepimwa kwa kipimo cha shirikisho la watengenezaji wa Ulaya, FEPA. Bila P, huenda ni kipimo cha Marekani. Kati ya 80 na 220 vipimo hivi viwili vinakaribiana, usijisumbue. Vinaachana juu ya hapo: 320 ya Kimarekani ni laini karibu sawa na P400. Anayechanganya hizo mbili kwenye hatua za mwisho hushangaa kwa nini karatasi zenye namba moja zinaacha alama tofauti.

Na usinunue msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi wa magari, kwa ajili ya mbao tupu. Unakata vizuri lakini unaziba upesi kwa unga wa mbao, na weusi wake unaweza kuingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe kama paini. Uhifadhi kwa kazi ya kati ya mikono ya vanishi.

Kibao cha kushikia

Msasa ukiushika kwa vidole vitupu, nguvu inakaa chini ya kila kidole na ubao unatoka na mabonde manne. Huyaoni mpaka vanishi ing'ae. Kata kipande cha mbao chenye urefu wa milimita 115, upana 65 na unene 30. Chini yake bandika soli ya ndala iliyochakaa, ile sehemu iliyobaki tambarare, ikatwe sawasawa na kingo. Karatasi ya kawaida ina milimita 230 kwa 280. Ikunje mara mbili uipasue kwenye mikunjo, utapata robo nne za 115 kwa 140, na kila robo inazunguka kibao chako na kubakiza kidogo cha kukamata pembeni.

Raba ya ndala inafaa mninga, mkangazi na mvule. Kwenye paini na saipresi, tumia kibao bila raba. Mbao hizo zina mistari migumu na katikati yake nyama laini. Kitu kinachobonyea kinaingia kwenye nyama na kuila, huku mistari migumu ikibaki juu, na ukimaliza ubao una matuta kama bati. Nimeona watu wakilaumu mbao.

Meza ya mninga, kutoka randa hadi tayari kwa vanishi

Tuchukue uso wa meza wenye sentimita 120 kwa 60, mbao nne zimeunganishwa kwa gundi, zimepita kwenye mashine ya kuranda. Niliandaa misasa hii: karatasi mbili za 80, moja ya 120, moja ya 180, na robo moja ya 220.

Kabla ya msasa, gundi. Iliyovuja kwenye maungio na kukauka inakwanguliwa kwa patasi iliyolazwa, isipigwe msasa. Gundi hupata joto, hulainika, huziba karatasi na kupakaa kwenye nyuzi. Palipopakaa hapanywi rangi, na baadaye panabaki baka jeupe. Ukitaka kuona yalipo mabaka mapema, futa uso kwa kitambaa chenye spiriti, mbali na moto. Mbao inaiva rangi kwa muda mfupi na gundi inabaki imefifia. Spiriti hukauka kwa dakika chache bila kuinua nyuzi, na hiyo ndiyo sababu siitumii maji hapa.

Sasa namba ya kuanzia. Jibu linategemea kasoro mbaya kuliko zote uliyonayo, na kanuni ni kuanza na namba laini kadiri inavyowezekana, ilimradi iiondoe. Usianze na 80 kwa mazoea. Inama uweke macho sawa na uso wa meza, mwanga ukiwa mbele yako. Kwenye meza hii niliona mawimbi madogo ya visu vya mashine, yamekatiza nyuzi kama ngazi, na karibu na kifundo kulikuwa na sehemu nyuzi zimenyofoka. Nikajaribu na 120, misuguo ishirini pembeni. Ngazi bado zilikuwepo. Basi kazi ni ya 80. Kama zingefutika, ningeanza 120 na kuokoa saa nzima. Kama mbao ingekuwa imetoka kwenye msumeno tu, hata 80 isingetosha, lakini hapo tatizo lingekuwa randa. Kunyoosha ubao wa msumeno kwa msasa 40 ni kujitesa.

Chukua penseli laini, chora mistari myepesi ya nyoka uso mzima. Usitumie chaki. Mninga una vinyweleo vya wazi, chaki inaingia humo na vanishi inaionyesha kama ukurutu. Kisha anza na 80, ukifuata nyuzi, misuguo mirefu inayopishana nusu kwa nusu. Ukikatiza nyuzi unazikata badala ya kuzikwangua, na mkwaruzo wa hivyo ni mgumu mno kufuta. Nguvu iwe ya uzito wa mkono na kidogo zaidi. Ukiona unakandamiza ili ukate, karatasi imekufa, chukua robo nyingine. Sikiliza pia: msasa wenye makali unavuma kwa ukavu, uliokufa unateleza kimyakimya. Ukiwa umejaa unga tu, upige mgongoni au uusugue kwa brashi ya meno, na utarudi kazini.

Penseli ikifutika yote, hujamaliza. Umethibitisha tu kwamba umefika kila mahali. Chora tena, rudia. Kwenye meza yangu ilikuwa mara tatu, kama dakika arobaini, na pale kwenye kifundo zaidi. Hapa ndipo pana kishawishi kikubwa cha kuharibu. Ukiona doa moja limebaki, mkono unataka kusugua hapohapo tu. Ukifanya hivyo utachimba bakuli. Panua eneo, sugua duara la kiganja tatu au nne kuzunguka doa, ili bonde liwe refu na jicho lisilione.

Usiondoke kwenye 80 mpaka kasoro zote za mashine ziishe. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi wanasema moyoni "120 itamalizia". Haitamalizia. Wimbi la mashine lililoishinda 80 litaishinda 180 zaidi, na utalikuta linakusubiri chini ya vanishi. Zaidi ya nusu ya muda wa kazi nzima uwe kwenye namba ya kwanza.

Kabla ya kubadili namba, safisha. Brashi kwanza, kisha kitambaa kikavu, na ukung'ute hata chini ya kibao. Chembe moja ya 80 iliyodondoka kwenye karatasi na kubaki juu ya ubao itaburutwa na 180, nayo itachora mstari mmoja mrefu katikati ya uso uliokwisha. Ukikuta mkwaruzo wa peke yake, mrefu na wa ghafla, sababu mara nyingi ni hiyo.

Hatua ya 120 ni ya penseli moja, au mbili ukiwa mwangalifu, kama dakika kumi na tano. Mwendo uleule, nyuzi zilezile. Cha kutazama kimebadilika: hutafuti tena mawimbi ya mashine, unatafuta mikwaruzo ya 80. Hapa tochi inafanya kazi ambayo jua la mchana haliwezi. Funga madirisha au subiri jioni, laza tochi juu ya ubao ili mwanga upite karibu sambamba na uso, kisha izungushe taratibu. Mwanga ukija kutoka ubavuni mwa nyuzi, kila mfereji unatupa kivuli. Mikwaruzo ya 120 utaiona kama ukungu wa mistari midogo inayofanana. Ya 80 itajitofautisha, mirefu na mizito kuliko jirani zake. Ukiiona bado, bado uko kwenye 120.

Namba 180 ni hivyohivyo, dakika kumi hivi, karatasi ikiwa na makali. Hapa punguza nguvu, uzito wa mkono unatosha.

Kisha maji. Mbao ikipata unyevu, nyuzi zilizolazwa na msasa zinasimama, na kwa kuwa vanishi au rangi ya maji itazisimamisha hata hivyo, ni bora zisimame sasa. Kamua kitambaa mpaka kiwe na unyevu tu, futa uso wote sawasawa, acha ukauke vizuri. Kwa jua la Dar saa mbili zinatosha kivulini, msimu wa masika subiri hadi kesho. Uso utahisi kama kidevu cha siku ya pili baada ya kunyoa. Robo ya 220 mpya, misuguo miwili mitatu mahali pamoja, kwa wepesi, ndevu zinakatika. Ukisugua zaidi unafukua nyuzi mpya na maji yatazisimamisha tena. Kama unatumia vanishi ya mafuta bila rangi ya maji chini yake, ruka hatua hii, 180 inatosha.

Kwa nini nisiendelee hadi 400?

Kwa sababu mbao itakataa. Ukiisugua na namba laini mno, uso unasagika na kung'aa wenyewe, vinyweleo vinafungwa kwa unga, rangi ya mbao inaingia kidogo na kutoka mpauko. Vanishi nayo inapenda kushika kwenye mikwaruzo midogo. Kwa vanishi au laka ninaishia 180. Ukipaka rangi ya kuziba kabisa, ile isiyoonyesha nyuzi, hata 150 inatosha. Ninapopaka mafuta matupu, kwa mfano kwenye mpini au kibao cha jikoni, ndipo napanda hadi 240, maana mafuta hayaweki ngozi juu na mkono utaigusa mbao yenyewe.

Kipo kipande kimoja cha meza kinachotaka namba ya juu zaidi: kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa na unaona midomo yake. Hapo ni kama mirija iliyofunguliwa, inanywa rangi kwa pupa na kuwa nyeusi kuliko uso. Kipandishe namba moja au mbili juu ya uso, yaani 220 au 240 ikiwa juu umeishia 180, ili midomo ile izibwe kiasi na rangi zikaribiane. Usuguaji wake uende upande mmoja tu, usirudi nyuma, na uanzie kingoni kuelekea katikati ili pembe zisimeguke. Ziada ya hapo, pembe kali zote zivunje kwa msuguo mmoja au miwili ya 180. Pembe iliyo kali kama kisu haishiki vanishi, hukimbiwa nayo na kuwa ya kwanza kuchubuka.

Ukiwa na mashine

Namba ni zilezile, ila mashine ya kuzunguka inaacha alama zake: vijiduara kama mkia wa nguruwe. Hutokea ukikandamiza, ukiisogeza haraka, au karatasi ikiwa imeshika chembe. Iache ijibebe kwa uzito wake, isogee kama sentimita mbili au tatu kwa sekunde, iwekwe juu ya ubao kabla ya kuwashwa na iinuliwe kabla ya kuzimwa. Namba ya mwisho uliyotumia kwenye mashine, irudie kwa mkono kufuata nyuzi mpaka vijiduara viishe. Ile ya mkanda siishauri kwa uso wa meza hata kidogo. Ukisita nusu sekunde umechimba shimo.

Kwa mashine au kwa mkono, funika pua na mdomo kwa barakoa inayobana usoni, siyo kitambaa. Kadiri namba inavyopanda ndivyo unga unavyokuwa mwepesi na kuelea, na huo usiouona ndio unaoshuka mapafuni. Unga wa mninga na wa mvule unawasha pua na macho, na vumbi la mbao kwa ujumla limewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani.

Ukaguzi wa mwisho

Kabla ya kufungua kopo, futa tena uso kwa spiriti na uutazame kwa tochi ukiwa bado umelowa. Kwa sekunde hizo chache ndivyo meza itakavyoonekana chini ya vanishi, na mkwaruzo wowote uliobaki utajionyesha. Kwenye meza hii ilijitokeza mistari miwili ya 80 karibu na ungio la tatu. Sikuigusa na 180. Nilirudi 120, nikapanua eneo kwa kiganja tatu kila upande, nikapanda 180, nikafuta tena. Kurudi namba moja nyuma kunachukua dakika tano. Kuing'ang'ania kwa namba ya juu kunachukua nusu saa na bonde juu yake.

Spiriti ikishakauka, paka sila, yaani mkono wa kwanza wa kuziba vinyweleo. Kuanzia hapo msasa haugusi tena mbao, unagusa ngozi iliyo juu yake, na kazi inahamia kwenye P320, kwa wepesi wa kufuta vumbi, mpaka weupe wa unga usambae sawasawa uso mzima.